Kuomba Kuondoka Kazini Mapema Kumpeleka Mtoto Kliniki na Kufidia Saa: Mwongozo Kamili

Ninasimamia watu tisa katika ofisi ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na kabla ya kupewa kiti hiki nilikuwa karani wa hati kwa miaka saba, kwa hiyo ombi hili nimelipeleka na nimelipokea. Mara nyingi hunifikia hivi: mtu anasimama mlangoni saa tano asubuhi, mkoba umeshawekwa begani, anasema, "Dada, naomba niwahi kutoka leo, mtoto ana kliniki, nitafidia." Ninamwamini, lakini hajaniambia anatoka saa ngapi, kazi iliyo mezani kwake inabaki na nani, kama kliniki hiyo ni ya leo tu au ni ya kila wiki, wala hayo masaa atayafidia lini. Ikiwa siku hiyo kuna mzigo unaotakiwa kutoka bandarini kabla ya jioni, nitakataa, na atakayeumia ni mtoto ambaye hakuwa na sauti katika mazungumzo hayo.

Hapa nitaeleza jinsi ya kuliandaa ombi hilo ili msimamizi abakiwe na neno moja tu la kusema. Nitatumia mfano wa kijana mmoja ninayemsimamia, ambaye mwaka 2024 alihitaji kutoka mapema kila wiki kwa zaidi ya mwezi. Nimechagua mfano wa kliniki za mfululizo kwa sababu ndizo zinazowagombanisha watu na ofisi zao. Atakayeweza kuomba ruhusa ya wiki sita hatashindwa kuomba ya siku moja. Mambo ya sheria nitakayoyataja ni ya Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Jua kwanza unaomba kitu gani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto wake au kwa misiba ya ndugu wa karibu inayotajwa humo. Watu wengi huzisikia siku hizo wakadhani ni za kila mwaka. Sivyo. Mzunguko wa likizo ya namna hiyo ni miezi 36, na mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho unaofaa kabla ya kulipa. Ukizitumia siku hizo kwa kliniki za kawaida za saa mbili au tatu, mtoto akilazwa mwezi wa tano utakuwa huna kitu mkononi.

Kliniki ya miadi, iwe ya chanjo, ya kupima uzito au ya marudio kwa daktari, kwa kawaida haichukui siku nzima. Kwa sababu hiyo, unachokiomba ni ruhusa ya saa chache, na ruhusa hiyo inategemea hiari ya mwajiri pamoja na kanuni za ofisi yenu. Hapo ndipo fidia ya saa inapopata nafasi yake: unamwambia mwajiri kwamba kazi aliyoilipia ataipata yote, isipokuwa sehemu yake itafanyika katika saa nyingine.

Kama kliniki yako ni ya chanjo katika kituo cha serikali, yaelekea itakuwa asubuhi, na utaomba kuchelewa kuingia badala ya kuwahi kutoka. Usijaribu kuibishia ratiba hiyo. Chanjo ya surua na rubela, kwa mfano, hutoka katika chupa ya dozi kadhaa ambayo haitakiwi kutumika zikishapita saa 6 tangu ichanganywe, ndiyo maana wauguzi hupenda watoto wakusanyike mapema kabla ya kuifungua. Hesabu na barua nitakazozieleza hapa zinafaa pia kwa ombi la asubuhi.

Mfano wenyewe

Kijana huyo alipata mtoto wa kiume mwanzoni mwa Septemba 2024, na mtoto alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Tiba yake inajulikana vizuri na inafanya kazi hasa ikianza mapema: mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, ambayo wengi tunaiita hogo, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja huku goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki moja hogo hufunguliwa, mguu hunyooshwa tena hatua nyingine, na hogo jipya hufungwa. Kwa kawaida huwa ni mahogo matano hadi saba. Baadaye watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, wakakaa na hogo la mwisho wiki tatu hivi, ndipo wanaanza kuvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma.

Niliyaelewa haya kwa sababu alinieleza, na kuelewa kwangu kulibadilisha jibu langu. Wiki moja katika tiba hiyo si tarehe iliyochaguliwa kwa urahisi wa daktari. Mtoto mchanga hukua haraka, hogo hubana au huteleza, na likiteleza, kazi ya wiki iliyopita inaanza kupotea. Msimamizi akilijua hilo hatasema "si uahirishe hadi mwisho wa mwezi".

Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuweza kupanda daladala peke yake akiwa amembeba mtoto mwenye hogo zito. Kijana alikuwa ameshazimaliza siku zake 3 za likizo ya uzazi ya baba, na hogo la kwanza, la Alhamisi tarehe 26 Septemba, aliliombea siku moja ya likizo ya mwaka. Kliniki ikampangia Alhamisi zilizofuata, saa tisa alasiri. Kesho yake, Ijumaa, alikuja kuniona.

Hatua ya kwanza: hesabu saa kabla ya kufungua mdomo

Hesabu hii ndiyo inayokosewa kuliko kitu kingine chochote, na kosa lake huwa la pande zote mbili: wengine hujidai saa wasizodaiwa, wengine hupunguza.

Ofisi yetu hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kuna saa moja ya chakula kuanzia saa saba mchana. Hizo ni saa 8 za kazi kwa siku. Jumamosi tunafanya kazi kuanzia saa tatu hadi saa saba, saa 4. Jumla kwa wiki ni saa 44, na sheria inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku kabla ya kuanza kuhesabu saa za ziada.

Ili afike kliniki saa tisa, ilimbidi atoke mjini, apitie nyumbani Tabata kuwachukua mkewe na mtoto, kisha waende hospitali. Aliipima safari hiyo tarehe 26 na akaona kwamba akitoka saa saba kamili atafika akiwa na dakika ishirini za akiba. Kutoka saa saba hadi saa kumi na moja ni saa 4 kwenye saa ya ukutani, lakini saa ya chakula si saa ya kazi, kwa hiyo alichokosa ni saa 3 tu. Angesema 4 angejidhulumu mwenyewe. Angesema 2, akijidanganya kwamba Alhamisi jioni huwa hakuna kazi, ningemshika mara moja.

Usisahau kuijumlisha safari. Anayeandika muda wa kumuona daktari peke yake hurudi wiki ya pili kuomba aongezewe, na ombi la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Hatua ya pili: tafuta saa za fidia ambazo zina kazi ndani yake

Neno "nitafidia" bila siku na saa halimsaidii msimamizi, maana linamwachia yeye kazi ya kukumbuka na kudai. Toa saa mahususi. Na kabla ya kuzitoa, jiulize kama katika saa hizo mlango uko wazi, umeme na mfumo vinapatikana, na kuna kazi inayoweza kufanyika bila watu wengine. Niliwahi kupokea ombi la mtu aliyetaka kufidia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakati mlinzi hukabidhi funguo saa moja na nusu. Nia yake ilikuwa safi, ila saa hizo hazikuwepo.

Kijana wangu alichagua saa moja baada ya kazi, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni, siku ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Akaitaja na kazi yenyewe: kuandaa majalada ya mizigo ya kesho, yaani kulinganisha ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, ili asubuhi tuanze kuingiza taarifa kwenye mfumo wa forodha bila kutafutana. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja, haihitaji simu ya wakala wa meli ambaye saa hiyo ameshafunga, na faida yake niliiona tangu asubuhi ya kwanza.

Tazama sasa jinsi hesabu inavyokaa. Jumatatu, Jumanne na Jumatano anafanya saa 9 kila siku, Alhamisi saa 5, Ijumaa 8, Jumamosi 4. Jumla ni saa 44 zilezile. Hakuna siku iliyovuka saa 9 wala wiki iliyovuka 45, kwa hiyo hakuna saa ya ziada, na mhasibu hana cha kuuliza. Kama angetaka kuzilipa zote jioni moja, siku hiyo ingekuwa na saa 11, na saa mbili kati yake zingeingia kwenye saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mwajiri makini hukwepa mpango wa namna hiyo hata kama wewe mwenyewe uko tayari kuzisamehe.

Jambo jingine alilolifanya, ambalo ninawashauri wote, ni kulipa kabla. Jumatatu hadi Jumatano hutangulia Alhamisi. Karibu kila alipotoka saa saba kwenda kliniki alikuwa ameshazifanya saa zake tatu, na hapakuwa na mtu wa kunong'ona kwamba anabebwa. Fidia inayokuja nyuma huahirishwa na uchovu, mvua, au mtoto kulia usiku kucha. Baada ya wiki tatu deni ni saa tisa na mtu anaanza kukwepa macho ya msimamizi wake.

Hatua ya tatu: mpe mtu kazi yako, kisha umtaje

Alhamisi alasiri katika ofisi yetu kuna jambo moja lisilosubiri: kufuata kwa wakala wa meli hati inayoruhusu mzigo kutolewa, kabla dirisha lake halijafungwa. Kijana alizungumza na mwenzake kabla ya kuja kwangu, wakakubaliana kwamba mwenzake ataifuata hati Alhamisi, naye atamfanyia safari ya benki ya Jumanne asubuhi. Nilimwita huyo mwenzake nikamuuliza, akathibitisha. Msimamizi mwangalifu atauliza tu, kwa hiyo usimtaje mtu ambaye hujazungumza naye.

Hatua ya nne: zungumza kwanza, andika baadaye, vyote siku hiyohiyo

Barua ikimkuta msimamizi mezani bila neno la mdomo humfanya ahisi anatengenezewa ushahidi, na neno la mdomo bila barua husahaulika. Chagua wakati ambapo hajashikwa na kazi; kwetu ni baada ya saa nne asubuhi, mizigo ya siku ikishapangwa. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, wamemfunga hogo jana. Dada, nina ombi kuhusu hilo, na nimeliandaa kwa maandishi. Nitahitaji kutoka saa saba kila Alhamisi kwa wiki sita. Saa tatu ninazokosa nitazifanya Jumatatu hadi Jumatano jioni, kabla ya kliniki. Hati ya wakala wa meli mwenzangu amekubali kuifuata."

Baada ya hapo alinyamaza, akaweka mezani barua yake na juu yake kadi ya kliniki. Ile kadi ninaikumbuka: imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni, tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, moja chini ya nyingine, na ya kwanza imeshapigwa mstari.

Si lazima uutaje ugonjwa wa mtoto. Msimamizi anahitaji kujua siku, saa, muda wa mfululizo na uthibitisho kwamba miadi ipo. Yaliyobaki ni ya familia yako. Ukiamua kueleza, kama alivyofanya huyu, eleza kile kinachohusu ratiba, hasa kwa nini tarehe haiwezi kusogezwa sana. Nami ninawaomba wasimamizi wenzangu jambo moja: msimuulize baba, "Kwani mkeo yuko wapi?" Mtoto ni wake pia, na swali hilo ndilo linalowafanya wanaume wengi waseme uongo kwamba wanakwenda msibani.

Barua yake ilikuwa hivi:

> Kwa: Msimamizi, Idara ya Hati
> Nakala: Ofisa Rasilimali Watu
> Tarehe: 27 Septemba 2024
>
> YAH: OMBI LA KUONDOKA KAZINI SAA SABA MCHANA SIKU ZA ALHAMISI NA KUFIDIA SAA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mwanangu ana miadi ya kliniki kila Alhamisi saa tisa alasiri, tarehe 3, 10, 17, 24 na 31 Oktoba na tarehe 7 Novemba 2024. Nakala ya kadi ya miadi nimeiambatisha. Daktari ameeleza kwamba idadi inaweza kupungua au kuongezeka kwa mara moja. Nikijulishwa mabadiliko nitakuarifu siku hiyohiyo.
>
> Ninaomba kuondoka saa saba mchana katika siku hizo. Saa za kazi nitakazozikosa ni 3 kila mara. Nitazifidia katika wiki hiyohiyo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa 11 hadi saa 12 jioni, kwa kuandaa majalada ya mizigo ya siku inayofuata. Kwa kuwa Jumatatu tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere, wiki hiyo nitafidia Jumanne, Jumatano na Ijumaa.
>
> Ufuatiliaji wa hati kwa wakala wa meli siku za Alhamisi utafanywa na mwenzangu wa dawati la pili, ambaye amekubali.
>
> Wako mtiifu,
> Karani wa Hati

Sentensi iliyonishawishi zaidi ni ile ya Siku ya Nyerere. Nilijua kwamba aliyeandika barua hii aliifungua kalenda, na kwamba sitakuja kubishana naye katikati ya Oktoba kuhusu saa moja iliyopotelea kwenye sikukuu.

Angalia pia kwamba aliuomba mfululizo wote kwa mara moja. Mtu anayeomba kila wiki upya humlazimisha msimamizi kuamua upya kila wiki, na kufikia mara ya nne hata msimamizi mwema huona kama ruhusa zimezidi, ingawa jumla ya saa ni ileile.

Hatua ya tano: likikataliwa, tafuta ni kipande gani kilichokataliwa

Sikukubali kila kitu. Tarehe 31 Oktoba ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ambayo wateja wengi hutaka mizigo yao itoke kabla hesabu hazijafungwa, na mtu mmoja hawezi kushika madawati mawili. Nilimwambia, "Tarehe hiyo moja sitaweza. Zilizobaki nimekubali."

Hapa ndipo wengi hukasirika au hunyamaza. Yeye aliuliza, "Tatizo ni siku yenyewe, au ni saa ya kutoka?" Swali hilo ni la thamani, kwa sababu kukataa kwa msimamizi karibu kila mara kuna sababu moja mahususi: tarehe, pengo la kazi, au hofu kwamba wengine nao watataka. Kila moja ina dawa yake. Tarehe husogezwa, pengo hutafutiwa mtu, na hofu ya wengine hupungua pale fidia inapoandikwa wazi ili yeyote atakayeomba afuate masharti yaleyale.

Nilipomwambia ni siku yenyewe, aliwauliza wahudumu wa kliniki. Kliniki hiyo hufanyika Alhamisi na Ijumaa, wakasema kuchelewa siku moja hakutaharibu kitu, wakampa Ijumaa tarehe 1 Novemba. Hakuiamua siku hiyo mwenyewe kichwani, na ninasisitiza hapo: usimpe msimamizi tarehe mpya kabla watu wa kliniki hawajaikubali.

Kama msimamizi amekataa yote, uliza iwapo unaweza kutumia likizo yako ya mwaka kwa nusu siku. Sheria inazungumzia siku 28 mfululizo, na ofisi nyingine huruhusu zikatwe vipande na nyingine haziruhusu, kwa hiyo jibu liko kwa ofisa rasilimali watu wenu. Ikiwa mtoto ni mgonjwa kweli na hakuna njia nyingine, hapo ndipo zile siku 4 zinapoombwa, pamoja na karatasi ya hospitali.

Hatua ya sita: hakikisha ruhusa imefika kwa anayeandaa mishahara

Hili nimelijifunza kwa maumivu. Nilipokuwa karani katika ofisi nyingine, nilipewa ruhusa ya mdomo kumpeleka binti yangu kliniki mara nne, na nilikaa jioni nne kufidia. Msimamizi wangu akahamishiwa tawi jingine kabla ya mwisho wa mwezi. Mashine ya alama za vidole ilikuwa na kumbukumbu zangu za kutoka mapema, lakini ile ya kutoka jioni hakuna aliyeiangalia, na nilikatwa mshahara wa siku mbili. Nilikwenda kulalamika nikiwa sina hata karatasi moja. Sikurudishiwa.

Kwa hiyo nakala ya barua iende rasilimali watu ikiwa na sahihi ya msimamizi, na wewe ubaki na yako iliyogongwa muhuri au iliyopigwa picha. Kila jioni ya fidia weka alama ya kidole au sahihi unapotoka, hata kama hakuna anayekuangalia. Kijana wangu alifungua ukurasa mmoja nyuma ya daftari lake la kazi, akachora safu nne: tarehe, saa aliyobaki hadi, kazi aliyoifanya, sahihi yangu. Mstari wa kwanza ulisomeka, "30/9, saa 12:00, majalada 6 ya makontena." Ilinichukua sekunde tano kila asubuhi kuweka sahihi. Mwisho wa Oktoba mhasibu alipouliza kuhusu Alhamisi zile, nilimpelekea picha ya ukurasa huo.

Dalili kwamba mpango unaanza kulegea ni rahisi kuzitambua. Sahihi zinakosekana siku mbili mfululizo. Safu ya kazi inaanza kuandikwa "mengineyo". Mwenzako anayekushikia dawati anaacha kukuambia yaliyotokea ulipokuwa haupo. Ukiona mojawapo, zungumza na msimamizi kabla yeye hajazungumza nawe, na kama ni jioni moja iliyokupita kwa sababu mtoto alikuwa na homa, taja siku utakayoirudisha.

Hatua ya saba: arifu mabadiliko siku unayoyajua

Tarehe 1 Novemba, saa kumi na moja na nusu jioni, nilipata ujumbe wake kutoka hospitali: "Dada, wamefunga hogo la sita. Wamesema mguu umefikia kiwango, tarehe 7 watamkata kano ya kisigino asubuhi, na nitahitaji siku nzima. Naomba niitumie siku moja ya likizo ya ugonjwa wa mtoto, karatasi nitaileta kesho. Jumatatu hadi Jumatano sitabaki jioni, kwa kuwa saa tatu za Alhamisi hazipo tena. Baada ya hapo atakaa na hogo hadi tarehe 28, siku hiyo nitaomba kutoka saa saba kama kawaida."

Kila kitu kilikuwa ndani ya ujumbe huo. Siku nzima ya matibabu aliitoa kwenye mpango wa saa na kuiweka kwenye likizo inayostahili, fidia akaisimamisha kwa wiki hiyo, na tarehe nyingine aliyoihitaji akaitaja karibu wiki nne kabla. Jumamosi alileta karatasi ya hospitali, nikaiambatisha kwenye barua ya awali badala ya kumwandikisha nyingine.

Hogo la mwisho lilifunguliwa Alhamisi tarehe 28 Novemba, na saa zake tatu alikuwa ameshazifanya tangu Jumatatu. Ijumaa asubuhi alikuja na daftari, tukajumlisha pamoja: kliniki sita za saa tatu, saa 18 zilizokosekana, jioni 18 zilizofidiwa. Nikaandika "hakuna deni" chini ya mstari wa mwisho, nikaweka sahihi na tarehe, na nakala ikaenda rasilimali watu. Kisha akanionyesha kadi ile ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mtoto alikuwa ameanza kuvaa viatu vya chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu hivi na baadaye usiku kwa miaka kadhaa, na tarehe za marudio zilikuwa zimeanza kuachana.